Mkono Ukingoni mwa Picha

Nesi alipanda ngazi za studio akiwa bado na sare ya hospitali, na salamu aliitoa kama mtu anayelipa faini.

"Habari za hapa. Simu hii. Hamisha video mbele ya macho yangu, kisha naondoka nayo."

"Karibu kiti," alisema Mkasi.

"Sikuja kukaa."

Mkasi alichukua waya, akachomeka simu kwenye kompyuta. Alikuwa mhariri wa video. Jina la Mkasi alipewa na wateja, kwa kuwa kila aliyemletea picha ndefu aliondoka na fupi, na mwisho hata ndugu zake wakalizoea. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la magodoro. Kuta zilibandikwa sponji kuzuia mwangwi, feni ilizunguka kwa kulalamika, na kona ya pili alikaa Fundi Sauti, mwenye vipokea sauti masikioni tangu asubuhi. Siku hiyo Fundi Sauti aliwatazama wale wanawake wawili, akaona heri arudi kwenye mawimbi yake ya sauti.

Baba yao alikuwa mmoja, mama mbalimbali. Baba alichezesha mpira wa miguu maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Refa. Hata watoto wake walimwita hivyo akiwa hasikii. Mke wa kwanza alimzalia Kaka Mkubwa na Mkasi. Siku alipoletwa mke wa pili, yule wa kwanza alifunga virago, akawashika wanawe mkono, akaondoka, na akafa bila kumpa mwenzake hata salamu. Mke wa pili alimzaa Nesi. Tangu hapo nyumba mbili zile zilikutana misibani na harusini tu, na hata huko kila moja ilichagua upande wake wa kukaa.

Sasa Refa mwenyewe alikuwa amefariki. Chama cha waamuzi kilipanga jioni ya kumkumbuka kwenye ukumbi wao, na Mwenyekiti aliomba familia ilete filamu fupi. Kaka Mkubwa, ambaye ni afisa wa bima na hupenda kushika usukani hata wa gari la mwenzake, alimkabidhi Mkasi kazi. Picha za zamani zilikuwepo. Kulikuwa na video ya Refa uwanjani, iliyopigwa na kamera iliyosimama vizuri juu ya miguu mitatu. Lakini Refa wa siku za mwisho, mzee, mgonjwa, aliyekuwa bado na utani wake, alikuwa kwenye simu moja tu.

"Imeshaingia?" aliuliza Nesi.

"Bado kidogo."

"Usije ukaanza kumpaka rangi. Namjua mtu mwenye mikono yako."

"Na mimi nawajua wapiga picha wenye mikono yako," alisema Mkasi. "Nimeona mwanzo tu, kizunguzungu kimenishika."

Nesi alimkata jicho, akachomoa simu yake mara tu kompyuta iliposema tayari, akateremka ngazi kwa kishindo.

"Huyo ni nani?" aliuliza Fundi Sauti.

"Mdogo wangu."

"Mungu akuzidishie."

Mkasi aliifungua video. Ilipigwa siku Refa alipotolewa hospitali kwa mara ya mwisho. Nesi alitembea ubavuni mwake kutoka getini hadi barazani, mkono mmoja ukishika simu. Refa alionekana kwa upande: kofia yake ya kitambaa, pua kubwa, midomo iliyobanwa kwa bidii. Chini kabisa ya picha vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa sare ya Nesi. Mbele yake, ukingoni mwa picha, mama yake Nesi alisimama barazani nyuma ya kiti cha mbao, akikishikilia kisiteleze.

Na picha nzima ilitikisika. Haikuwa ile mitikisiko midogo ya mtu aliyezuia pumzi. Ilidondoka, ikapanda, ikalala upande, ikasimama, ikadondoka tena. Mkasi alichukua kalamu, akaanza kuitafuna.

Kazi ya kutuliza picha aliijua kama njia ya chooni kwake. Programu huchagua alama ndogondogo kwenye picha, kona ya dirisha, tundu la ukuta, kifungo cha shati, kisha huzifuata kutoka fremu moja, yaani picha moja tuli ya video, hadi nyingine ili ijue simu ilikwenda wapi. Simu ikidondoka chini, yenyewe huipandisha picha. Simu ikilala kulia, yenyewe huilaza kushoto. Jicho likiangalia linaona utulivu. Lakini picha iliyosogezwa huacha pengo jeusi pembeni, na pengo hilo lazima lifichwe. Njia ya kawaida ni kuikuza picha mpaka kingo zote mbaya zitoke nje ya skrini. Mtikisiko ukiwa mdogo unapoteza kidogo. Ukiwa mkubwa, unalipa kwa picha yenyewe.

Alisukuma mstari wa utulivu mpaka mwisho. Programu ilipiga hesabu zake, ikamaliza, akabonyeza kucheza.

Refa alielea. Alitoka getini akaenda barazani kama mtu aliyewekwa juu ya mkokoteni wa mpira, kofia imenyooka, pua mbele. Karibu theluthi ya picha ilikuwa imeondoka. Vidole havikuwepo. Mkono wa sare haukuwepo. Ukingoni kilibaki kiti cha mbao kikisubiri peke yake, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mkasi aliliona hilo mara moja. Macho yake yalikuwa yamefundishwa kuangalia kingo kabla ya kuangalia katikati. Angeweza kupunguza utulivu na kuiteremsha picha kidogo ili vidole virudi. Kidole chake kilisimama juu ya kipanya. Halafu kitu kitamu, chenye ladha ya zamani, kilimpanda kooni. Alimwona mama yake akifunga virago. Akaiangalia tena baraza ile isiyo na mtu, na kidole kikaondoka kwenye kipanya.

Simu ikalia. Alikuwa Kaka Mkubwa, ambaye Mkasi alikuwa amemtumia video kama ilivyopigwa.

"Inaendaje? Mwenyekiti anataka Refa yule yule aliyewatoa watu kwa kadi nyekundu. Sitaki mgonjwa anayekokotwa."

"Anatembea vizuri," alisema Mkasi.

"Safi kabisa. Na weka muziki. Kuna sauti ya huyo binti humo, polepole Baba, polepole Baba, kama anaongea na mtoto. Funika."

Mkasi alifunika.

Kabla ya siku yenyewe Kaka Mkubwa aliwaita wote sebuleni kwake waione filamu, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ametaka idhini ya familia. Televisheni yake ilikuwa pana kama mlango. Mkewe alileta chai, akaona nyuso zilivyokaa, akakumbuka kuwa ana nguo za kuanua. Nesi alikaa karibu na mama yake kwenye kochi la watu watatu, na nafasi ya tatu ikabaki tupu. Mkasi alikaa kwenye stuli, karibu na mlango.

"Shikamoo, Mama mdogo," alikuwa amesema alipoingia.

"Marahaba," alijibu yule mama, akiwa anaiangalia televisheni iliyozimwa.

Filamu ilianza. Picha za zamani zilipita. Refa alikimbia uwanjani, kifua mbele, akapuliza filimbi, akamfokea beki aliyemzidi urefu mara mbili, na hapo hata mama yake Nesi alitoa kicheko kidogo puani. Kisha likaja geti. Muziki ukapanda. Refa akaelea.

Nesi alisogea mbele ya kochi. Aliingoja picha mpaka Refa alipofika barazani.

"Rudisha," alisema.

"Tumalize kwanza," alisema Kaka Mkubwa.

"Nimesema rudisha."

Kaka Mkubwa alirudisha, akiwa amekunja uso. Refa akaelea tena.

"Nani kamshika?" aliuliza Nesi.

"Unamaanisha nini?"

"Baba. Hapo. Nani kamshika?"

"Anatembea mwenyewe," alisema Kaka Mkubwa. "Ndiyo uzuri wake."

"Anatembea mwenyewe! Lini? Siku gani alitembea mwenyewe, wewe ukiwa umesimama wapi? Alikuwa ameniegemea mzima mzima, bega langu liliniuma wiki nzima! Mkono wangu uko wapi?" Alimgeukia Mkasi. "Wewe. Mkono wangu uko wapi?"

"Picha ilikuwa inatikisika," alisema Mkasi. "Ukiituliza, lazima kingo ziende. Ndivyo programu inavyofanya kazi."

"Na Mama?"

"Alikuwa ukingoni."

Mama yake Nesi alikuwa bado anaitazama skrini, ambapo Kaka Mkubwa alikuwa ameisimamisha picha bila kukusudia. "Hata kiti kimebaki," alisema polepole. "Kiti nimekibeba mimi kutoka ndani, nimekifuta, nimekishika. Kiti kimo. Mimi simo."

"Mama mdogo, hayo ni mambo ya ufundi tu," alisema Kaka Mkubwa. "Hakuna aliyekusudia."

"Na sauti yangu nayo ilikuwa ukingoni?" alifoka Nesi. "Au sauti nayo hutikisika? Mmetukata. Mmekaa mkatukata kama kucha."

"Usinipandishie sauti kwangu."

"Basi nitakushushia. Video ni ya simu yangu. Hiyo takataka haitaonyeshwa."

"Itaonyeshwa, maana marehemu alikuwa baba yetu kabla hajawa wako!"

Neno hilo lilipotoka, hata Kaka Mkubwa mwenyewe alionekana kutamani kulirudisha. Mama yake Nesi aliweka kikombe chini, chai haijaguswa, akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Nesi alimfuata. Mlangoni alisimama mbele ya stuli ya Mkasi kama afande.

"Umesema ni programu."

"Ni programu."

"Kesho nikitoka zamu nakuja studio. Unionyeshe hiyo programu inayochukia watu."

Alikuja kweli. Safari hii alikaa, kwenye kiti cha wateja, nyuma kabisa ya bega la Mkasi, mkoba mapajani. Fundi Sauti alisalimia, akaambiwa "salama" kwa namna iliyomfanya avae vipokea sauti vyake bila kuviwasha.

"Onyesha."

Mkasi alifungua picha ghafi upande mmoja na ile iliyotulizwa upande wa pili. Alieleza alama ndogondogo, namna zinavyofuatwa, namna picha inavyosukumwa kinyume cha simu. Nesi alisikiliza kama mtu anayesikiliza maelezo ya mgonjwa huku akijua kuwa anadanganywa.

"Hakuna njia ya kutuliza bila kukata?"

"Ipo. Inaharibu vingine."

"Nataka kuona."

Mkasi aliiagiza programu ipinde badala ya kukata. Kwa njia hii picha hugawanywa vipandevipande, na kila kipande husogezwa kivyake kidogo, ili kingo zisiende sana. Vidole vilirudi. Mama yake Nesi alirudi barazani. Lakini nguzo ya baraza ilianza kukata viuno kama inayocheza ngoma, na shavu la Refa, lililokuwa karibu na simu wakati ukuta uko mbali, lilivutwa huku na kule likijaribu kufuata vitu viwili kwa pamoja.

"Umemfanya uji!" alisema Nesi.

"Ndiyo maana sikuitumia."

"Na ile nafasi nyeusi, huwezi kuijaza?"

"Programu inaweza kukopa vipande vya fremu za jirani." Alijaribu. Ukingo ulijaa, lakini vidole vya Refa, kwa kuwa vilikuwa vinasogea, vilitokea mara mbili: vya kweli, na vivuli vyake vilivyochelewa, vimekatika kwenye maungio.

Nesi aligeuza uso. "Toa. Toa hiyo."

Mkasi aliitoa. Kwa muda kidogo alijisikia ameshinda. Kumbe mwenzake alikuwa bado anafikiri.

"Huo mstari unaousukuma," alisema Nesi, akinyoosha kidole kwenye skrini mpaka karibu aiguse. "Umeujaza mpaka mwisho. Ukiujaza nusu?"

Mkasi alikishika kipanya, asikisogeze.

"Nimeuliza swali."

"Unakata kidogo."

"Fanya."

Alifanya. Picha ilibaki na mtikisiko, lakini uliopungua makali.

"Sasa hiyo picha iteremshe. Si inateremka? Nimekuona ukiisogeza."

Mkasi aliiteremsha. Nafasi tupu iliyokuwa juu ya kofia ya Refa iliondoka, na chini vidole vikaingia, vyote vitano, vimekamata kitambaa cha sare. Aliisogeza pia upande wa baraza. Mama yake Nesi akatokea nusu, akiwa ameinama juu ya kiti.

Feni ilizunguka. Mlango wa duka la magodoro chini ulifunguliwa, ukafungwa.

"Kwa hiyo uliona," alisema Nesi.

Mkasi angeweza kusema hakuona. Alikuwa na neno la kitaalamu kwa kila kitu. "Niliona," alisema.

"Ukaacha."

"Nikaacha."

Alisubiri matusi, au hata kofi. Pumzi ilimwingia Nesi na kumtoka kwa nguvu, na alipozungumza sauti yake ilikuwa chini, mbaya kuliko ya jana.

"Unajua wewe ni mtu wa namna gani? Unamchukia Mama kwa jambo alilofanya Baba. Baba umemsafisha, umempa muziki. Mama umemfuta. Yeye ndiye aliyemwogesha, unaelewa? Wewe ulikuwa unakuja hospitali na matunda kwenye mfuko, unaangalia saa."

"Mama yangu naye alifutwa," alisema Mkasi. "Hakuna aliyempigia picha akiondoka."

"Nenda kamdai Baba."

Mkasi aliirudisha picha ghafi mwanzoni kwa sababu mikono yake ilitaka kitu cha kufanya. Refa alitoka getini, picha ikadondoka.

"Hapo ulijikwaa," alisema, kwa ukali, kwa kuwa hapo angalau alijua anachosema. "Picha yote imepotea."

"Sikujikwaa. Goti lake lilimkataa. Uzito wote ulinijia."

Mkasi alisimamisha, akarudisha. Aliangalia vidole. Kweli, kabla picha haijadondoka, vidole vilikaza.

"Na hapa? Imelala upande."

"Ananivuta. Alitaka kusimama aangalie maua, halafu mwenyewe akasema hapana, mbele."

"Hapa?"

"Hapo alipumzika. Uone nilivyotulia. Mkono wangu hautetemeki, mimi nachoma sindano watoto wachanga."

Waliendelea hivyo mpaka barazani, mmoja akiuliza kama hakimu, mwingine akijibu kama shahidi asiyempenda hakimu. Mkasi aliyekuwa amesikia kizunguzungu siku ya kwanza sasa aliona jambo jingine. Kila mdondoko ulikuwa na mguu wa mzee ndani yake. Aliicheza tena ile iliyotulizwa na akaona pia kasoro aliyokuwa ameipuuza: kila mahali simu ilipotikisika kwa nguvu, uso wa Refa ulikuwa umenaswa ukiwa na ukungu, na ukungu huo hakuna programu iliyouondoa. Katika picha ghafi haukusumbua, maana jicho liliona mtikisiko na kuelewa. Katika picha tulivu mzee alielea vizuri, kisha bila sababu uso wake ulififia na kurudi, ukafifia na kurudi.

"Iache kama ilivyo," alisema Nesi. "Yote. Usiguse hata nywele."

"Siachi yote."

"Umeanza tena!"

"Nisikilize. Kutembea nakuachia. Mtikisiko ule ni wake. Lakini akishakaa kwenye kiti, anakuangalia na kuongea, na hapo mkono wako umechoka tu. Simu inacheza bila maana. Kwenye simu huoni. Kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha ukumbini kichwa chake kitakuwa kikubwa kama gari, na kila kamtikisiko kadogo katawarusha watu. Watafumba macho wakati Baba anaongea. Ndicho unachotaka?"

Nesi alitaka kubisha, ikaonekana. "Mkono wangu upo hapo?"

"Ameshakuachia. Angalia mwenyewe, pembeni kuna ukuta mtupu. Nikikata hapo nakata ukuta. Naituliza picha nusu, sio mpaka Baba afe ganzi."

"Na muziki?"

"Naondoa."

"Wote?"

"Hapo getini mpaka mwisho, wote."

Fundi Sauti, ambaye kumbe alikuwa anasikia kila neno, alivua vipokea sauti. "Sauti yenyewe ni nzuri," alisema. "Kuna pumzi ya mzee humo, iko karibu kabisa. Nitapunguza upepo tu."

"Wewe hukuulizwa," walisema wote wawili.

Kaka Mkubwa aliposikia alipandisha mori. Alipiga simu, akapiga tena, akasema Mkasi ameingiwa na kichaa, anamwaibisha Baba mbele ya watu aliowahi kuwaamrisha. "Refa hakokotwi!" alisema. Mkasi alimwambia filamu iliyobaki ni ile mpya tu. Kaka alicheka. Nakala ya kwanza alikuwa nayo kwenye flashi, na alikuwa mwanafamilia aliyeandikwa kwenye ratiba.

Jioni ya kumbukumbu ukumbi ulijaa waamuzi wazee, wengine wamevaa suti zilizokuwa zao kabla ya matumbo. Mkasi alifika mapema. Meza ya kompyuta na projekta ilikuwa nyuma, na Kaka Mkubwa alikuwa tayari amesimama hapo akimwelekeza kijana wa mitambo, flashi mkononi.

"Toka hapo, Kaka."

"Rudi ukakae, mdogo wangu. Usitie aibu mbele za watu."

"Ukicheza hiyo, nasimama mbele naeleza nilichokata na kwa nini. Kwa kipaza sauti. Nitasema pia aliyeniagiza nifunike sauti."

"Huwezi."

"Mimi tayari Nesi anajua nilivyo. Sina cha kuficha tena. Wewe unacho."

Kaka Mkubwa alimtazama kama hajawahi kumwona. Watu wa viti vya nyuma walianza kugeuka. Nesi alikuwa ameshaingia na mama yake, na alisimama katikati ya njia ya viti, hasogei mbele wala hakai. Kaka Mkubwa aliitia flashi mfukoni. Alikwenda kiti chake cha mbele, akakunja mikono, na kabla taa hazijazimwa alisimama tena, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mwenyekiti alidhani anakwenda msalani.

Filamu ilicheza. Geti lilipotokea na picha ikadondoka mara ya kwanza, ukumbi ulitoa sauti ya pamoja, kama uwanjani mtu akikosa bao. Mwanamke mmoja aliziba mdomo. Kwenye kitambaa kikubwa mtikisiko ulikuwa mkali kuliko Mkasi alivyokadiria, na kwa muda aliamini ameharibu. Lakini vidole vilikuwa pale chini, vikubwa kama mikono ya watu, vikikaza na kulegea, na sauti ya Nesi ikasema polepole Baba. Mshika kibendera mmoja mzee alianza kuhesabu hatua kwa midomo. Barazani mama yake Nesi aliinama juu ya kiti chake, akakisogeza mbele.

Refa akakaa. Picha ikatulia. Akatazama moja kwa moja kwenye simu, akavuta pumzi.

"Dakika za nyongeza ngapi?" aliuliza.

"Utakazo wewe, Refa," ilijibu sauti ya Nesi.

Ukumbi uliangua kicheko, kisha kicheko kikavunjika katikati na wengi wakashika leso.

Mkasi alichomoa waya wake, akauviringisha taratibu, akingojea watu wapungue. Nesi alikuja mpaka mezani, mkoba begani.

"Mwanzo pale umenitia hofu," alisema. "Nilidhani watatapika."

"Hata mimi."

"Mama anataka nakala. Usimpe kaka yako ailete."

"Nitaleta mwenyewe."

"Ulete mchana. Mimi nitakuwa kazini." Alifikiri kidogo. "Usidhani tumepatana."

"Sijadhani."

Nesi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeafikiana bei ya kitu, akamrudia mama yake, aliyekuwa amezungukwa na waamuzi wazee wanaomshika mkono. Nje Kaka Mkubwa aliwasha gari bila kumngojea mtu. Aliendelea kutompokelea Mkasi simu hadi mwaka ukageuka, na alipoanza tena kumpokelea, filamu ile hakuitaja.

Nakala Mkasi aliipeleka mchana wa siku iliyofuata. Mama yake Nesi alimfungulia geti, akapokea salamu, akapokea flashi. Hakumkaribisha ndani. Lakini hakufunga geti haraka pia, na walisimama pale kidogo, mmoja ndani, mmoja nje.

"Umenirudisha nusu," alisema yule mama mwishowe. "Bega moja bado liko nje ya picha."

"Simu yenyewe haikulipata, Mama mdogo. Hilo si mimi."

Mama mdogo alimtazama sana, akipima kama aamini.

"Haya," alisema, akafunga geti.